Blasha ikae wapi kwenye uso wako ili mashavu yainuke yasilale: mwongozo kamili

Kuna maelekezo ambayo karibu kila mtu anayepaka mekapu kashayasikia, kwamba tabasamu, halafu paka blasha pale shavu linapovimba. Ukitabasamu nyama ya shavu inapanda juu inasogea karibu na jicho, unapaka, unajiona mzuri kweli, halafu ukiacha kutabasamu ile nyama inashuka na rangi inashuka nayo, unakuta sasa blasha iko pembeni ya tundu la pua au hata chini ya hapo. Na mtu akikuangalia ukiwa umekaa tu husemi kitu anaona uso umechoka, mashavu yamelala, wakati blasha ni ya bei na umeiblendi vizuri tu. Shida ni mahali ilipokaa.

Sababu ya pili ni mwanga. Taa za ukumbini, jua la saa sita, taa ya sebuleni, vyote vinatoka juu, kwa hiyo sehemu ya juu ya mfupa wa shavu inapata mwanga na sehemu iliyo chini ya mfupa inaingia kivulini yenyewe bila kupakwa kitu. Ukiweka rangi nyekundu au ya kuiva pale chini unakiongezea giza kile kivuli na jicho la anayekuangalia linavutwa kwenda chini, lakini ukiweka rangi juu ya mfupa jicho linapanda nayo. Halafu kumbuka faundesheni imeshaufanya uso wote uwe rangi moja, vile vivuli vyako vya asili imevifuta, sasa blasha ndo inayorudisha umbo, ikikaa vibaya inarudisha umbo ambalo si lako.

Kwanza ujue mipaka yako

Kabla hujaangalia uso wako una umbo gani, tafuta mfupa. Kaa mbele ya kioo ukiangalia dirisha, uso umelegea kabisa, meno hayajagusana. Weka kidole cha kati kwenye kile kinyama kidogo kilicho mbele ya tundu la sikio halafu bonyeza taratibu ukija mbele kuelekea pua. Utausikia mfupa mgumu unakuja nao, ukipanda juu kidogo unakutana na shimo la jicho, ukishuka kidogo kidole kinadidimia kwenye nyama laini. Huo mfupa ndo njia yako, na pale kidole kinapodidimia ndo mwisho wa chini.

Sasa weka mipaka mitatu. Wa ndani: angalia mbele moja kwa moja, shusha mstari kutoka kwenye mboni ya jicho, rangi yenye nguvu isivuke hapo kwenda puani (kwa wengi ni kama vidole viwili kutoka ubavuni mwa pua). Wa chini: kutoka ncha ya pua nenda moja kwa moja hadi sikioni, chini ya hapo hakuna blasha kwa umbo lolote lile. Wa juu: acha upana wa kidole kimoja chini ya jicho, maana blasha ikigusa kope ya chini macho yanaonekana kama umelia, isipokuwa kama hiyo ndo staili unayoitaka. Kama ni mara ya kwanza chukua penseli ya nyusi weka vidoti vidogo kwenye hiyo mipaka, paka, halafu vifute. Ukifanya hivo mara chache mkono unazoea wenyewe.

Umbo la uso lako ni lipi

Selfi inadanganya. Kamera ya simu ikiwa karibu inakuza pua na kufinya pembeni, mtu mwenye uso wa duara anajiona ana uso mrefu. Mpe mtu simu asimame kama mita moja na nusu au mbili, azumu kidogo, nywele zimefungwa nyuma zote, uso umenyooka haujainama. Kwenye hiyo picha angalia vitu vitatu tu: paji la uso, mashavu na taya, wapi ni papana zaidi, halafu linganisha upana na urefu wa uso kutoka kwenye nywele hadi kidevuni.

Urefu na upana vikikaribiana na taya halina kona, ni duara. Urefu umezidi upana kwa mbali na pembeni kumenyooka, ni uso mrefu. Paji, mashavu na taya vikiwa upana mmoja na taya lina kona kali, ni wa mraba. Paji pana kidevu chembamba ni wa moyo. Mashavu mapana kuliko vyote huku paji na taya ni vyembamba ni wa almasi. Urefu umezidi upana kidogo tu na kila kitu kinateremka taratibu, ni yai. Wengi wetu tumechanganya, mtu ana taya la mraba na mashavu ya duara, sasa hapo fuata ile sehemu inayokusumbua kwenye picha.

Uso wa duara, tuufanye wote mwanzo mwisho

Nimeuchagua huu kwa sababu ndo unaolala haraka kuliko yote, nyama ya shavu ni nyingi na iko mbele, ukiweka duara la rangi juu ya duara la nyama umeupanua uso mara mbili. Tuchukue mfano wa dada mwenye ngozi ya maji ya kunde iliyoiva, uso wa duara, anaenda harusini jioni Dar, na anavaa mtandio.

Mtandio uje mwanzo, hili watu wengi wanalisahau kabisa. Mtandio unafunika panja, yaani ile sehemu kati ya mwisho wa nyusi na nywele, na mafunzo mengi ya mtandaoni yanakwambia vuta blasha hadi hapo. Ukivuta, kitambaa kinaikata katikati na unabaki na mstari wa rangi ulioishia ghafla kwenye nguo, tena mtandio wenyewe unachafuka. Na ukifungwa kwa kubana chini ya kidevu unasukuma mashavu mbele, uso unaonekana mfupi zaidi kuliko ulivyo. Kwa hiyo vaa ile kofia ya ndani kwanza, zungushia tishu pembeni, halafu shika mtandio uone kitambaa kitaishia wapi. Mwisho wa blasha yako uwe nusu kidole ndani ya hapo, na ufifie kabla hujakifikia.

Faundesheni na konsila vimeshapakwa, poda bado. Anza na blasha ya krimu au ya maji, kiasi ni vidoti viwili tu kila shavu, kila kimoja kama punje ya mchele, zile za maji zina rangi kali sana kwa hiyo anza na kimoja kama huijui vizuri. Kidoti cha kwanza kiweke juu ya mfupa, chini kabisa ya kona ya nje ya jicho. Cha pili kiweke nyuma yake kuelekea juu ya sikio, upana wa kidole kutoka cha kwanza. Kwenye ule uvimbe wa mbele wa shavu usiweke kitu.

Chukua sponji yenye unyevu, ikamue mpaka isidondoshe maji, uanze kupigapiga kutoka kidoti cha nyuma kwenda juu kuelekea mwisho wa nyusi. Usiburuze, ukiburuza unaondoa faundesheni ya chini na kunabaki viraka. Ukimaliza nyuma ndo uje mbele, na mbele unakuja na yale mabaki tu yaliyobaki kwenye sponji, unagusa sehemu ya juu ya uvimbe wa shavu ukiishia pale kwenye mstari wa mboni. Rangi iwe na nguvu nyuma na iwe nyepesi mbele, hapo ndo kwenye siri nzima ya uso wa duara, kwa sababu ukiangaliwa kwa mbele ile sehemu pana katikati ya uso inabaki haina rangi nyingi, na pembeni kunapata kivuli chenye uhai kinachopanda.

Sasa usafishe chini. Chukua sponji ileile upande uliotumia kwa faundesheni, bila kuongeza kitu, pigapiga kuanzia mbele ya sikio ukishuka kwa mshazari kuelekea pembe ya mdomo, halafu simama ukifika chini ya kona ya nje ya jicho. Unapunguza rangi iliyomwagikia chini ya mfupa na ule ukingo wa chini unakuwa msafi wenye mteremko. Mtu akiniuliza ni hatua gani moja inayoinua shavu zaidi ya zote nitasema hii, maana ukingo wa juu unatakiwa ufifie usionekane unaishia wapi ila wa chini unatakiwa ujulikane, kwa ulaini lakini ujulikane.

Poda sasa, kwa kubonyeza bila kusugua, kidogo sana juu ya blasha na zaidi kwenye pua na paji la uso. Halafu blasha ya poda rangi inayofanana na ile ya krimu, brashi ndogo yenye mshazari, chovya, kung'uta kwenye ukingo wa kikopo, na mguso wa kwanza uende nyuma siku zote kwa sababu brashi inamwaga rangi nyingi pale inapogusa kwanza. Watu wanaanza mbele kwenye shavu ndo maana wanaishia na doa. Anza nyuma, pandisha, miguso miwili mitatu inatosha. Krimu chini na poda juu kwa joto la Dar inakaa usiku mzima kuliko moja peke yake, ila usigeuze, krimu juu ya poda inashikana inafanya viraka na hakuna cha kuirekebisha zaidi ya kufuta.

Maumbo mengine

Uso mrefu unataka kinyume kabisa na tulichofanya. Ukimvutia blasha ya mshazari mpaka kwenye panja umemuongezea urefu, shavu limeinuka kweli ila uso umekuwa kama umevutwa. Hapa blasha ilale kwa ulalo, anza karibu na mstari wa mboni, pita juu ya mfupa, nenda moja kwa moja kuelekea katikati ya sikio halafu ifie njiani kabla ya kufika. Kuinuka kwake kunatokana na kukaa juu, mteremko hauhitajiki. Watu wanachanganya hapa, wanasikia isipande wanaishusha chini, hapana, inabaki juu ya mfupa ila inaelekea pembeni. Na ukigusa kidogo sana juu ya daraja la pua inaukata ule urefu vizuri.

Wa mraba shida yake ni kona. Mstari mkali wa mshazari unaongeza kona ya tatu juu ya mbili za taya, kwa hiyo hapa rangi ianze kwenye sehemu ya juu ya uvimbe wa shavu ikiwa na nguvu kiasi, halafu ipande kwa mkunjo laini kama herufi C iliyolala kuelekea mwisho wa nyusi. Tumia brashi yenye nywele nyingi laini, na ile hatua ya kusafisha chini ifanye kwa upole sana. Kama una kontua kwenye kona za taya, blasha isiikaribie, acha nafasi ya ngozi kati yao angalau vidole viwili.

Wa moyo tayari una upana juu, ukipeleka rangi kwenye panja umeongeza upana palepale. Rangi iishie chini ya mwisho wa nyusi, na nguvu yake iwe chini ya kona ya nje ya jicho, kwenye nusu ya chini ya mfupa, ni umbo pekee ambalo nakubali lishuke kidogo kuliko mengine ila lile sharti la ncha ya pua liko palepale.

Wa almasi mfupa wenyewe umeshatokeza, mtu anazaliwa kainuliwa. Usiweke rangi pale palipotokeza zaidi pembeni, utaufanya uso uwe mpana katikati na mwembamba juu na chini. Weka juu ya mfupa kwa ndani, chini ya nusu ya nje ya jicho, iblendi kwenda nyuma ikiwa nyepesi sana. Wa yai, pita tu juu ya mfupa kutoka mstari wa mboni hadi mwisho wa nyusi, hauna masharti mengi.

Na kwa mama zetu na dada zetu wakubwa, umbo lolote lile: umri ukienda nyama ya shavu inashuka na ule uvimbe wa mbele unakuwa haupo pale ulipokuwa, kwa hiyo msifuate nyama, fuateni mfupa, huo hauhami kama nyama. Pandisha nusu kidole zaidi ya ulivyozoea na utumie blasha isiyong'aa, krimu nyepesi, kwa sababu poda nyingi inaingia kwenye mikunjo.

Rangi nayo inaweza kulaza shavu

Unaweza kuweka mahali sahihi kabisa na bado uso ukawa bapa, kwa sababu ya rangi. Blasha nyingi za pinki mpauko na pichi nyepesi zimechanganywa na unga mweupe, kwenye ngozi nyeupe hauonekani ila kwenye ngozi yetu iliyoiva unageuka majivu, shavu linakuwa la kijivu, na kijivu hakiinui kitu. Jaribu hivi dukani: paka kidogo upande wa ndani wa mkono, toka nje kwenye mwanga wa mchana, kama unaona unga kabla hujaona rangi, rudisha. Kwa ngozi ya maji ya kunde na kuendelea tafuta rangi ya tofali, chungwa lililoiva, damu ya mzee, zambarau, au pinki ile kali inayotisha kwenye kikopo, maana ikifika kwenye ngozi inatulia. Wenye ngozi nyeupe pichi na pinki laini zinawatosha, damu ya mzee iwe tone tu.

Vimetameta navyo. Blasha yenye chembe zinazong'aa ukiiweka kwenye uvimbe wa mbele inakuza ule uvimbe na vitundu vya ngozi vinaonekana vyote, na kwa uso wa duara inaharibu kazi yote tuliyofanya. Ukitaka mng'ao paka haileita kwa juu kuliko blasha, kwenye ukingo wa juu wa mfupa karibu na kona ya nje ya jicho, nyembamba, haileita na blasha visikae sehemu moja.

Utajuaje imekaa vizuri

Legeza uso, usitabasamu, piga picha tatu: mbele, nusu ubavu, na moja yenye flashi. Iangalie picha ya mbele huku umefumba macho nusu ili uone ukungu tu, halafu tafuta doa lenye giza zaidi kwenye shavu liko wapi. Likiwa juu ya mstari wa ncha ya pua na nje ya mstari wa mboni, uko sawa. Likiwa limekaa jirani na pua, imeshuka. Picha ya nusu ubavu inakuonyesha ukingo wa chini kama unapanda kuelekea sikio au umelala, na ya flashi inakuonyesha majivu na viraka.

Ikiwa imeshuka usiongeze rangi juu kwa kudhani itasawazika, utapata shavu zima jekundu. Chukua sponji yenye mabaki ya faundesheni, bonyeza kuanzia tayani ukipanda juu mpaka ile rangi ya chini ipotee, subiri ikae, poda kidogo, ndo uongeze mguso mmoja nyuma. Ikiwa imezidi ukali, bonyeza sponji hiyohiyo juu yake bila kusugua, inapungua bila kuhama. Ikiwa upande mmoja uko juu kuliko mwingine, shika penseli kwa ulalo chini ya macho uone, na ujue nyuso nyingi haziko sawa pande zote, jicho moja huwa juu kidogo, kwa hiyo pima kila shavu na jicho lake badala ya kulipima na shavu la pili, ukilazimisha zilingane utaona ule upande ambao jicho liko juu umelala.

Ukumbini ukishatoka jasho, usifikishe brashi usoni kabla ya tishu. Fungua tishu iwe tabaka moja, iweke juu ya shavu, bonyeza na kiganja, iondoe, rudia sehemu kavu nyingine. Poda ikigusa jasho inakuwa tope na doa linajichora palepale ilipoguswa. Shavu likishakauka, chovya brashi, kung'uta vizuri, na gusa nyuma peke yake karibu na mtandio au nywele, mbele pasiguswe, kwa sababu mafuta ya ngozi yanatoka zaidi karibu na pua na rangi ya mbele ukiiongeza saa nne usiku ndo inayoteleza kushuka.